Domeni Imeisha, Ujumbe wa Kurejesha Akaunti Haufiki: Ulipie Domeni Upya au Uwaandikie Huduma kwa Wateja?

Unabonyeza "Umesahau nenosiri?", skrini inakujibu kwamba ujumbe umetumwa kwa info@example.com, unasubiri, hakuna kitu. Unabonyeza tena, bado kimya. Anwani ile iko kwenye domeni ya kampuni yako, na domeni yenyewe haikulipiwa. (Jina example.com ni la mfano tu. Weka lako mahali pake.) Akaunti ipo na data zako zipo. Kilichokatika ni njia ya barua, kwa hiyo kila ujumbe wa kurejesha unaishia njiani.

Hapa Uganda hali hii naikuta zaidi kwa biashara ndogo: mawakala wa forodha wa Malaba na Busia, kampuni za utalii, shule za binafsi, maduka ya vipuri Kampala. Kampuni ilijengewa tovuti, ikapewa anwani ya info@, na anwani hiyo ikatumika kufungulia kila kitu, kuanzia hifadhi ya nyaraka hadi akaunti ya matangazo. Fundi wa tovuti akahama, ada ya mwaka ikapita bila mtu kuiona.

Jambo la kwanza: acha kubonyeza. Kila ombi linatoa ujumbe mwingine unaoshindwa kufika, na hilo lina madhara nitakayoyaeleza mbele.

Baada ya hapo una njia tatu. Unaweza kubadilisha anwani kutoka ndani ya akaunti, kama kuna kifaa ambacho bado hakijatoka. Unaweza kuirudisha domeni ili barua zianze kufika tena. Au unaweza kuiomba huduma yenyewe ikutambue kwa njia nyingine na kukubadilishia anwani. Msimamo wangu nautoa mapema: kama domeni bado haijafutwa na una akaunti zaidi ya moja iliyofunguliwa kwa anwani hiyo, irudishe domeni kwanza. Sababu zipo, na zipo pia hali ambazo ushauri huu haufai.

Kwanza jua domeni iko hatua gani

Uchaguzi wote unasimama juu ya tarehe, kwa hiyo usianze kuandika barua za malalamiko kabla ya kuangalia. Kwenye simu fungua lookup.icann.org na uandike jina la domeni. Mwenye kompyuta anaweza kutumia amri hizi:

```
whois example.com
dig +short NS example.com
dig +short MX example.com
```

Kwa domeni za .com mwendo ni huu. Siku ya kuisha ikipita, msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, anaweza kukuachia muda wa kulipia kwa bei ya kawaida. Muda huo, yaani siku za neema, unaweza kufika siku 45, lakini halazimiki kukupa siku zote hizo. Akishaifuta, domeni inaingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo bado unaweza kuirudisha kwa ada kubwa. Kisha zinafuata siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna mtu anayeweza kufanya lolote. Baada ya hapo jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulinunua.

Kuna mtego kwenye matokeo ya whois, yaani rekodi ya usajili wa domeni, ambao umewapotosha wengi. Domeni ya .com inapoisha, rejista kuu huiongezea mwaka mmoja yenyewe wakati msajili bado anakusubiri ulipe. Ukiangalia mstari wa `Registry Expiry Date` unaona tarehe ya mwaka ujao, unajiambia domeni ni nzima, kumbe uko katikati ya siku za neema. Angalia badala yake mistari ya `Domain Status` na `Name Server`. Ukiona `clientHold`, msajili ameiondoa domeni kwenye DNS, mfumo unaoelekeza jina la domeni kwenye seva zake. Ukiona majina ya seva yamebadilika yakawa ya msajili, na tovuti inaonyesha ukurasa wa matangazo, matokeo kwa barua zako ni yale yale. `redemptionPeriod` ni ukombozi. `pendingDelete` ni zile siku 5 za mwisho.

Kukatwa huku si ukatili wa msajili. Sera ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, inamtaka aivuruge DNS ya domeni angalau katika siku nane za mwisho ambazo mwenye jina bado anaweza kulipia, ili mwenyewe ashtuke. Sera hiyo hiyo inamtaka atume ilani karibu mwezi mmoja kabla, karibu wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Lakini kama ilani hizo zilikuwa zinakwenda kwenye info@ ambayo hakuna mtu anayeifungua, mbili za kwanza zilikaa bila kusomwa, na ya tatu huenda haikuwa na pa kufikia.

Kwa domeni za .co.ug, .or.ug, .ac.ug na nyingine za .ug, usihesabu siku kwa kalenda ya .com. Domeni za nchi hazifungwi na sera hiyo ya ICANN. Rejista yetu iko hapa hapa Uganda na ina taratibu zake. Tafuta jina lako kwenye whois.co.ug, halafu mpigie simu aliyekuuzia siku hiyo hiyo uulize tarehe ya mwisho ya kulipia. Faida yake ni kwamba unazungumza na watu ambao ofisi zao unaweza kuzifikia kwa miguu.

Njia ya ndani: kifaa ambacho bado kimeingia

Njia hii ndiyo nafuu kuliko zote, na watu huipoteza kwa haraka zao. Kabla ya kugusa chochote, uliza kila mtu aliyewahi kutumia akaunti hiyo: kompyuta ya mhasibu, simu ya zamani iliyoko kwenye droo, tableti ya mtoto. Kikipatikana kifaa kilichoingia, usitoke, usifute historia ya kivinjari, na usianze kwa kubadilisha nenosiri, kwa sababu huduma nyingi hufunga vifaa vyote nenosiri likibadilika. Nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya anwani na uongeze anwani mpya.

Kikomo chake kinajulikana mara moja. Huduma nyingine zinauliza nenosiri la sasa tu, na kama kivinjari kimelihifadhi umemaliza. Nyingine zinatuma namba ya uthibitisho kwenye anwani ya zamani kabla ya kukubali mpya, na hapo umerudi ulikotoka. Hata hivyo tumia nafasi hiyo kupakua data zako na kutoa namba za dharura kama huduma inazo. Fungua pia orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na utafute jina la domeni yako. Orodha hiyo itakuonyesha ni akaunti ngapi zimefungwa kwenye anwani ile, na idadi hiyo ndiyo itakayoamua kati ya njia mbili zinazofuata.

Kurudisha domeni au kuomba msaada

Nizipime kwa mambo matatu: gharama, uhakika, na kile unachobaki nacho mwishoni.

Kwa gharama, domeni iliyo kwenye siku za neema inalipiwa kama mwaka wa kawaida, kwa .com ni dola kumi na kitu hadi ishirini na kitu, kutegemea msajili. Kwenye ukombozi ada huongezeka, mara nyingi dola 80 au zaidi, juu ya ada ya mwaka. Kuandikia huduma kwa wateja hakuna ada. Kwa akaunti moja isiyo na thamani kubwa, dola 80 si za kutupa, na mimi nisingemshauri mtu azilipe.

Kwa uhakika, mizani inageuka. Ukiwa na domeni mkononi hutegemei huruma ya mtu: anwani inapokea, ujumbe wa kurejesha unaingia, unabadilisha nenosiri. Huduma kwa wateja inatofautiana sana. Benki, kampuni ya simu au ofisi ya serikali ina kaunta Kampala. Unafika na kitambulisho cha taifa, unaomba taarifa zirekebishwe, na hapo domeni haina haja ya kukutesa. Huduma za kulipia za nje zinaweza kukutambua kwa risiti, tarakimu nne za mwisho za kadi na tarehe ya malipo. Huduma za bure ndizo ngumu. Huko mara nyingi hakuna karatasi inayokuunganisha na akaunti, na mtu wa upande wa pili ana sababu nzuri ya kukataa, kwa kuwa maneno unayomwambia ndiyo yale yale anayoyasema mwizi.

Tena, huduma kwa wateja inafungua mlango mmoja kwa wakati mmoja. Ukiwa na akaunti sita una maombi sita na foleni sita. Domeni inafungua zote.

Jambo la tatu ndilo linalonifanya nisisitize. Ukiipata akaunti moja kupitia huduma kwa wateja na ukaiacha domeni ife, akaunti nyingine zote ulizozisahau bado zinaitambua anwani ya info@. Siku jina litakaporudi sokoni, atakayelinunua atatengeneza sanduku la info@ kwa dakika chache, atabonyeza "Umesahau nenosiri?", na ujumbe ule uliokuwa haufiki kwa yeyote utafika kwake. Hili limeshatokea hadharani. Mei 2022, mtu alinunua domeni iliyokuwa imeisha ya mwenye kifurushi cha ctx kwenye PyPI, ghala ambalo watengenezaji programu wa Python huchukulia vifurushi vyao, akabadilisha nenosiri kupitia barua pepe, kisha akaweka matoleo yenye msimbo wa kuiba siri za watumiaji. Mwaka 2025 PyPI ilianza kukagua domeni zilizoisha na kuacha kuzitambua anwani zake kama zilizothibitishwa. Huduma nyingi hazifanyi ukaguzi wa namna hiyo.

Mfano: wakala wa mizigo wa Malaba

Hajji mmoja mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo Malaba alikuwa na domeni ya .com iliyoisha tarehe 3 Machi. Aligundua tarehe 24 Machi, baada ya kubadilisha simu, kwamba haingii kwenye hifadhi ya nyaraka zake za forodha wala kwenye akaunti ya matangazo. Zote mbili zilifunguliwa kwa info@.

"Mwanangu, mimi nimelipa kila mwaka," aliniambia.

"Hajji, ulimlipa nani, na risiti ya mwisho ni ya lini?"

Ya mwisho ilikuwa ya mwaka juzi, kwa simu, kwa kampuni ya Kampala iliyomtengenezea tovuti. Msajili mwenyewe alikuwa wa nje, na kampuni ile ilikuwa inauza kwa niaba yake.

Whois ilionyesha tarehe ya Machi mwaka ujao, lakini seva zilikuwa zimebadilika na amri ya MX, inayoonyesha seva ya barua za domeni, haikurudisha kitu. Tukaandika kalenda. Msajili akitoa siku zote 45, neema inaisha 17 Aprili. Ukombozi unaisha 17 Mei. Siku ya 22 Mei jina linaweza kuwa la mtu mwingine. Na kwa kuwa msajili anaweza kufuta mapema, tarehe ya 17 Aprili tuliihesabu kuwa ya mbali kabisa, hatukuipanga kazi juu yake.

Kisha kikaja kikwazo ambacho ndicho kiini cha tatizo hili: akaunti ya kulipia domeni nayo ilifunguliwa kwa info@. Huwezi kuingia kulipia domeni kwa sababu domeni haijalipiwa. Kamba hii inakatwa kwa kumfikia muuzaji nje ya mfumo. Hajji alipiga simu kwa kampuni ya Kampala, akataja jina la domeni na namba ya ankara ya zamani, kisha akatuma kutoka anwani mpya ya Gmail vitu vinne: cheti cha usajili wa kampuni kutoka URSB, kitambulisho cha taifa, ujumbe wa malipo ya mwisho ya simu wenye namba ya muamala, na barua yenye kichwa cha kampuni inayoomba anwani ya mwenye akaunti ibadilishwe. Omba mambo mawili kwa pamoja namna hiyo, ankara ya kulipia na mabadiliko ya anwani, kwa sababu malipo hayahitaji uthibitisho mkubwa na yanaweza kupita wakati karatasi zinakaguliwa. Kampuni ikatoa ankara, Hajji akalipa kwa simu, na jioni ile domeni ikarudi kwake.

Kama muuzaji hapatikani, angalia whois mstari wa `Registrar` na umwandikie msajili mkuu moja kwa moja. Kama domeni ni ya .com na msajili anakuzuia kulipia wakati muda bado upo, ICANN inapokea malalamiko ya aina hiyo. Ugumu wa kweli unakuja fundi alipoiandikisha domeni kwa jina lake mwenyewe. Hapo mbele ya msajili mwenye mali ni yeye, na cheti chako cha URSB hakitoshi. Inabidi umpate mtu huyo.

Domeni imerudi, ujumbe bado haufiki

Hapa wengi hukata tamaa mapema, na sababu zinazoeleweka ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba domeni iliyorudi si sanduku la barua. Nafasi ya Hajji kwenye seva ya zamani ilikuwa imefutwa. Hakuhitaji barua za zamani, alihitaji mpya zifike, kwa hiyo kulipia seva upya kulikuwa hakuna maana. Tulihamishia DNS kwenye Cloudflare, tukawasha Email Routing ambayo ni ya bure, na tukaweka kila barua inayokuja kwenye domeni ile, kwa jina lolote, ielekezwe Gmail. Kupokea jina lolote kuna umuhimu wake, kwa sababu ilionekana baadaye kwamba akaunti moja ilifunguliwa kwa accounts@, anwani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ukiuliza MX baada ya hapo unapata majibu ya namna hii, na namba za mbele zinaweza kutofautiana:

```
13 route1.mx.cloudflare.net.
46 route2.mx.cloudflare.net.
86 route3.mx.cloudflare.net.
```

Ya pili ni kumbukumbu za DNS. Rejista ya .com inaruhusu majina ya seva za domeni yakumbukwe kwa sekunde 172800, yaani siku mbili. Huduma iliyoiona domeni yako ikiwa kwenye seva za msajili inaweza kuendelea kupeleka barua huko kwa muda huo. Jitumie barua kutoka anwani mbili tofauti, na kama moja inafika na nyingine haifiki, subiri siku hizo mbili ziishe kabla ya kutafuta kosa.

Ya tatu ndiyo ile niliyoiahidi. Mifumo inayotuma barua kwa wingi huandika anwani zinazorudisha barua kwenye orodha ya kuzuia, ili isipoteze heshima yake kwa kutuma kwenye anwani zilizokufa. Kila ulipobonyeza wakati domeni imekatika, ulisaidia anwani yako kuingia humo. Sasa skrini inasema "ujumbe umetumwa" lakini ndani mfumo umeutupa bila kujaribu. Dalili yake ni wazi: barua za watu wengine zote zinafika, za huduma ile moja hazifiki, hata kwenye taka hazimo. Hifadhi ya nyaraka ya Hajji ilifunguka mara moja. Akaunti ya matangazo ndiyo iliyokwama hivi.

Dawa ni kuwaandikia, lakini safari hii ombi lako ni dogo na jepesi kukubaliwa. Huwaombi wakuamini kuwa wewe ni wewe. Andika hivi: "Anwani yangu info@ ilikuwa ikirudisha barua kuanzia 3 Machi kwa sababu domeni ilikuwa imeisha. Sasa inapokea. Naomba muiondoe kwenye orodha ya anwani zilizozuiwa, kisha nitaomba ujumbe wa kurejesha mwenyewe." Mfanyakazi anayeogopa kubadilisha anwani ya mwenye akaunti hana cha kuogopa kwenye ombi hili, kwa sababu ujumbe utakwenda kule kule ulikosajiliwa. Hajji alijibiwa na akaingia. Hiyo nayo ni hoja ya kurudisha domeni kwanza hata pale unapojua utaishia kuzungumza na huduma kwa wateja.

Kama jina limeshachukuliwa

Ukikuta whois ina tarehe mpya ya kuandikishwa kwenye mstari wa `Creation Date`, jina lina mwenyewe mwingine. Hapo mpangilio wangu unageuka. Usianze na kumtafuta mnunuzi wa jina, na kabisa usibonyeze "Umesahau nenosiri?", kwa sababu ujumbe huo unaweza kufika, na utafika kwake. Anza na huduma kwa wateja, leo hii, ukianza na akaunti zenye pesa na zenye nyaraka za wateja. Waambie wazi kwamba domeni ina mmiliki mpya tangu tarehe fulani na uombe urejeshaji kwa barua pepe ufungwe kwenye akaunti yako hata kabla hawajakubali kukurudishia. Kufunga mlango ni rahisi kwao kuliko kukupa ufunguo. Kununua jina kutoka kwa mmiliki mpya ni mazungumzo ya baadaye. Wengine hutaja bei ya mamia ya dola, na wakati mnajadiliana yeye ndiye anayepokea barua zako.

Ukishaingia kwenye akaunti zako kwa njia yoyote, hamishia usajili kwenye anwani isiyotegemea domeni hiyo, ukianza na akaunti ya msajili. Halafu usiiache domeni kwa kudhani umemaliza. Iache ikipokea kila jina kwa mwaka mzima na uangalie kinachoingia: ankara za kila mwezi zitajitokeza mapema, ilani za mara moja kwa mwaka zitachelewa, na kila moja ni akaunti uliyoisahau. Domeni ya .com inaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele, na kwa biashara iliyotumia anwani moja kufungulia kila kitu, mimi ningelipia miaka mingi kadiri mfuko unavyoruhusu.